Bei ya Mchezaji Hukokotolewaje Kabla ya Dirisha Kufunguliwa

Juni 2019 Aston Villa ilikuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu ya England, na ilihitaji mshambuliaji wa kati. Ikaenda Ubelgiji ikamchukua Mbrazili Wesley kutoka Club Brugge kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 22, rekodi ya klabu kwa wakati ule. Siku ya mwaka mpya wa 2020 Wesley akaumia goti vibaya katika mchezo dhidi ya Burnley. Villa ikarudi Ubelgiji kule kule, na kabla Januari haijaisha ikamtambulisha Mbwana Samatta wa Genk, aliyegharimu takriban pauni milioni 8.5.

Mnunuzi ni yule yule, ligi waliyotoka ni moja, na wote wawili ni washambuliaji wa kati. Tena Samatta ndiye aliyekuwa na mabao mengi zaidi: alifunga 23 ya ligi katika msimu wa 2018/19, msimu ambao Genk ilitwaa ubingwa wa Ubelgiji. Shabiki wa Taifa Stars aliyeziweka bei hizo mbili pamoja ana haki ya kuuliza: mabao mengi, bei ndogo, kwa nini?

Jibu ni kwamba klabu inayonunua hailipii mabao yaliyokwisha kufungwa. Hayo yamebaki Genk pamoja na kombe lake. Inalipia miaka ambayo mchezaji bado anayo miguuni, na inalipia haki ya kumtoa katika mkataba wa mwenzake kabla haujaisha. Msomaji akilishika hilo, umri na mkataba vinakuja mbele ya takwimu za uwanjani, na huo ndio mpangilio unaofuatwa hapa: mauzo ya kulinganishia kwanza, kisha umri, kisha mkataba, na mwisho kile mchezaji anachofanya akiwa na mpira.

Anza na mauzo, usianze na mchezaji

Kosa la kawaida ni kufungua ukurasa wa mchezaji kwenye Transfermarkt, kusoma thamani iliyoandikwa pale na kuichukua kama bei. Tovuti hiyo ya Kijerumani ni hazina ya tarehe za kuzaliwa, miisho ya mikataba na dakika za kucheza, na kwa kazi hiyo itumie bila wasiwasi. Lakini thamani zake hutokana na mjadala wa wanachama wake pamoja na maamuzi ya wasimamizi. Hakuna klabu iliyoweka fedha mezani kwa namba ile. Inafaa kupimia kama makadirio yako hayajapotea njia, lakini haifai kuwa mahali pa kuanzia.

Mahali pa kuanzia ni mauzo yaliyokwisha kufanyika. Tafuta wachezaji watatu hadi watano waliouzwa katika misimu miwili iliyopita, wakitoka katika ligi ile ile au inayolingana nayo, wakaenda kwa wanunuzi wenye uwezo unaofanana. Sharti la mnunuzi lisidharauliwe. Mchezaji wa Genk anayekwenda England ana bei moja, akienda Uturuki ana nyingine, kwa sababu klabu ya England inaingiza fedha za televisheni ambazo wengine hawazioni. Usichanganye masoko mawili katika orodha moja.

Kwa Samatta, turudi Desemba 2019 na kujifanya hatujui kilichotokea. Wa kwanza katika orodha ni Wesley. Wa pili ni Leandro Trossard, aliyekuwa akicheza naye Genk, ambaye Brighton ilimnunua Juni 2019 kwa takriban pauni milioni 15. Wote wametoka katika ligi ile ile, kiangazi kile kile, wakaenda kwa klabu za England za daraja linalokaribiana. Orodha ya watu wawili ni fupi mno kwa kazi ya kweli, lakini inatosha kuonyesha hesabu inavyokwenda.

Umri, kwa miaka na miezi

Andika umri wa kila mmoja siku aliyouzwa, na usiishie kwenye mwaka. Wesley, mzaliwa wa Novemba 1996, alikuwa na miaka 22 na nusu. Trossard, wa Desemba 1994, alikuwa na 24 na nusu. Samatta, wa Desemba 1992, angekuwa na miaka 27 na mwezi mmoja hivi katika dirisha la Januari.

Kutoka Wesley hadi Trossard ni miaka miwili, na bei imeshuka kutoka milioni 22 hadi 15. Gawanya 15 kwa 22 upate 0.68. Kwa kuwa ni miaka miwili, chukua kipeuo cha pili cha 0.68, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 0.68: ni karibu 0.83. Maana yake ni kwamba katika mfano huu kila mwaka wa umri umeacha asilimia 83 ya bei na kuondoka na asilimia 17. Sasa endelea kutoka Trossard hadi Samatta, tofauti ya miaka 2 na miezi 7:

```
15 * 0.83 ^ 2.6 = 9.2
```

Pauni milioni 9.2. Bei iliyoripotiwa baadaye ilikuwa 8.5.

Usishangilie mapema. Mauzo mawili hayatengenezi kanuni, na Trossard ni mtu wa pembeni, si mshambuliaji wa kati. Hesabu imekaribia ukweli kwa sehemu kwa bahati. Lakini mwelekeo wake si bahati, na sababu yake inaeleweka. Klabu inayomnunua mtu wa miaka 22 kwa mkataba wa miaka mitano inatarajia kumuuza akiwa na 25 au 26, na pengine kwa faida. Anayenunuliwa akiwa na 27 akimaliza mkataba kama huo ana zaidi ya 30, na ada yote iliyolipwa kwake inabidi irudi kupitia mchezo wake tu. Kwa hiyo bei ya kijana ina ndani yake matumaini ya mauzo ya pili. Bei ya mtu mzima haina.

Mteremko huo unafaa kutumika kati ya miaka 22 na 29 hivi. Chini ya hapo, bei za vijana huyumba sana kwa sababu mnunuzi analipia kitu ambacho bado hakijaonekana. Juu ya 30, bei nyingi huanguka ghafla badala ya kuteremka kidogo kidogo. Walinda mlango na mabeki wa kati huanza kushuka wakiwa wamechelewa kuliko mawinga wanaoishi kwa mbio zao. Kwa hiyo kwa kipa wa miaka 27 tumia mteremko mdogo zaidi, au usitumie kabisa.

Miezi iliyobaki kwenye karatasi

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya mkataba unatoka Kenya. Victor Wanyama alijiunga na Celtic mwaka 2011 kwa mkataba wa miaka minne. Julai 2013, akiwa na miaka 22 na mkataba wenye miaka miwili mbele, Southampton ilimnunua kwa pauni milioni 12.5 na kumpa mkataba wa miaka minne. Juni 2016 Tottenham ikamchukua kwa takriban pauni milioni 11.

Itazame hali ilivyokuwa katika ununuzi huo wa pili. Wanyama alikuwa anatimiza miaka 25, umri ambao kiungo mkabaji ndiyo anaingia katika miaka yake bora. Alikuwa amekwisha kuthibitika katika misimu mitatu ya Ligi Kuu ya England, badala ya ile ya Scotland. Kocha aliyemtaka, Mauricio Pochettino, alikuwa amemfundisha pale pale Southampton, kwa hiyo hakuwa ananunua asichokijua. Klabu za England nazo zilikuwa zinasubiri mkataba mpya wa televisheni ulioanza msimu huo wa 2016/17 na kupandisha bei za kila mchezaji. Kila kitu kilisukuma bei juu, lakini bei ikashuka. Kilichobaki ni kimoja: mkataba wake ulikuwa na mwaka mmoja tu.

Mantiki yake ni nyepesi. Tangu hukumu ya Bosman ya Desemba 1995, mchezaji aliyemaliza mkataba huondoka bila ada. Kanuni za FIFA zinamruhusu kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi sita. Southampton ingekataa milioni 11 mwezi ule, ingebaki na mchezaji asiye na bei baada ya miezi 12. Mnunuzi anaijua hesabu hiyo vizuri kama muuzaji, na ndiyo maana anakuja wakati huo.

Kwa makadirio, ukianza na mauzo ya wachezaji waliokuwa na miaka mitatu au zaidi ya mkataba, vipimo hivi vinafaa kuanzia: ukibaki miaka miwili, zidisha bei kwa 0.85, ukibaki mwaka mmoja, kwa 0.6, ikibaki miezi sita, kwa 0.3 au chini yake. Si namba za maabara, na klabu ngumu huzipinda. Bayern ililipa takriban euro milioni 100 mwaka 2023 kwa Harry Kane aliyekuwa na miaka 30 na mwaka mmoja tu wa mkataba, kwa sababu Tottenham ilikuwa tayari kumpoteza bure kuliko kumuuza rahisi. Lakini kwa mchezaji wa kawaida zinakaribia ukweli. Ukigawanya milioni 11 za Wanyama kwa 0.6 unapata milioni 18 hivi, na hiyo ni bei inayoingia akilini kwa kiungo wa aina yake mwaka ule kama mkataba wake ungekuwa mrefu.

Kuna jambo moja la kukagua kabla ya kuzidisha chochote: kipengele cha kuvunja mkataba kwa kiasi kilichopangwa. Kikiwapo, hicho ndicho kikomo cha bei, hata mchezaji awe nani. Manchester City ilimpata Erling Haaland mwaka 2022, akiwa na miaka 21, kwa euro milioni 60 zilizoandikwa katika mkataba wake na Borussia Dortmund. Hakuna hesabu ya umri na mabao ambayo ingempa Haaland bei ndogo namna ile.

Kwa msomaji anayefuatilia ligi za Afrika Mashariki, sehemu hii ya mkataba ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mikataba mingi kwetu ni ya mwaka mmoja au miwili. Mchezaji anayeng'ara katika msimu wa pili wa mkataba wa miaka miwili anakuwa karibu hana bei ya kuuzia, hata afunge kiasi gani. Klabu inayotaka kumuuza nje inapaswa kumwongezea mkataba mapema, msimu wa kwanza ukiwa katikati, wakati bado anaweza kukubali nyongeza ndogo ya mshahara.

Nafasi, kwa kifupi

Kama wachezaji wa kulinganishia wamechaguliwa katika nafasi moja, kazi ya nafasi imekwisha kufanyika. Pale inaposhindikana, kumbuka ukubwa wa pengo. Ada ya juu kabisa kuwahi kulipwa kwa mshambuliaji ni euro milioni 222 za Neymar mwaka 2017. Kwa kipa ni takriban milioni 80, alizogharimu Kepa Arrizabalaga mwaka uliofuata. Wanaofunga na wanaotengeneza mabao hulipiwa zaidi kuliko wanaozuia, na mabeki wa pembeni na makipa huwa chini. Usimlinganishe kipa na winga, kisha ukadhani kugawanya kwa mbili kumetosha.

Takwimu za uwanjani

Hapa ndipo wengi huanzia, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Idadi ya mabao peke yake inaficha mambo mawili: dakika zilizotumika kuyafunga, na penalti. Zitoe penalti, kwa sababu karibu nane katika kila kumi huingia kwa yeyote anayepewa kuzipiga. Kisha gawanya kwa dakika na uzidishe kwa 90:

```
(mabao - penalti) / dakika * 90
```

Chukua mshambuliaji mwenye mabao 12, manne yakiwa ya penalti, katika dakika 1,800. Anapata 0.40 kwa kila dakika 90. Mwingine ana mabao 9, hana penalti hata moja, katika dakika 1,350. Anapata 0.60. Magazeti yatamwandika wa kwanza, lakini klabu yenye mchambuzi mzuri itampigia simu wa pili. Usikokotoe kwa mtu mwenye dakika chini ya 900, yaani sawa na mechi kamili kumi. Mabao mawili ya bahati yatamfanya aonekane mfalme.

Hatua inayofuata ni kuuliza kama mabao hayo yatajirudia. Tovuti za takwimu hutoa kipimo kinachoandikwa xG, mabao tarajiwa, ambacho huipa kila nafasi ya kufunga uwezekano wake kutokana na mahali shuti lilipopigwa na jinsi lilivyopigwa. Nafasi ya karibu na goli inaweza kuwa 0.5, shuti la mbali, 0.03. Jumlisha za msimu mzima bila penalti, kisha linganisha na mabao halisi. Mwenye mabao 14 na xG ya 8 amefunga zaidi kuliko nafasi alizopata, na kwa wachezaji wengi ziada hiyo huyeyuka msimu unaofuata. Mwenye mabao 9 na xG ya 12 anafika mahali pa kufungia kila mara, na kwa bei ya mabao 9 ni ununuzi mzuri. Katika makadirio, xG ibebe uzito zaidi kuliko mabao, na misimu miwili zaidi kuliko mmoja.

Baada ya hapo, punguza au ongeza kwa kiasi. Mchezaji aliye juu kabisa ya wenzake wa orodha katika kipimo hiki anastahili nyongeza ya asilimia 15 au 20, si mara mbili ya bei. Mauzo ya kulinganishia tayari yana ubora ndani yake, kwa sababu hakuna mbovu aliyenunuliwa kwa milioni 15.

Ligi nayo ina uzito, na Trossard ndiye ushahidi. Kwa mteremko wa umri uliokokotolewa hapo juu, yeye alipaswa kuwa na bei ya milioni 7 au 8 alipofika miaka 28. Lakini Januari 2023, akiwa na umri huo huo, Arsenal ilimlipia takriban pauni milioni 20 kabla ya nyongeza. Katikati hapo alikuwa amecheza misimu mitatu na nusu ya Ligi Kuu ya England, na Oktoba 2022 alikuwa amefunga mabao matatu katika mechi moja pale Anfield. Akiwa Genk mnunuzi alilipia uwezekano kwamba atamudu England, na akiwa Brighton swali hilo lilikuwa limejibiwa. Kwa hiyo mchezaji akihamia ligi ngumu na kuimudu, tupa orodha ya zamani na uanze na mauzo ya ligi mpya.

Kuunganisha

Turudi kwa Samatta wa Desemba 2019, mwenye milioni 9.2 baada ya umri. Nafasi yake inamwongezea: mshambuliaji wa kati hulipiwa zaidi kidogo kuliko mtu wa pembeni. Takwimu zinamwongezea pia, kwa mabao 23 ya ligi dhidi ya 14 ya Trossard katika msimu ule ule na timu ile ile, na kwa bao lake dhidi ya Liverpool pale Anfield Novemba 2019 katika Ligi ya Mabingwa. Villa ilikuwa katika hatari ya kushuka, na hilo lilimpa muuzaji nguvu. Upande wa pili, alikuwa Genk kwa miaka minne tayari, na umri wake haukuacha nafasi ya mauzo ya pili.

Ukiongeza asilimia 20 juu na kupunguza 15 chini, unapata fungu la kati ya pauni milioni 8 na 11. Andika fungu, usiandike namba moja. Mtu anayesema mchezaji ana thamani ya milioni 9.2 anadai usahihi ambao soko lenyewe halina. Weka na tarehe, maana makadirio ya Desemba hayana kazi tena Juni, mkataba ukiwa umepungua miezi sita.

Wenye klabu zetu wafanye na hesabu moja zaidi chini ya karatasi hiyo. FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka kamili wa kati ya miaka 16 na 23 una sehemu ya kumi ya fungu hilo, ambayo ni nusu ya asilimia ya ada nzima. Kwa ada ya pauni milioni 8.5, msimu mmoja wa malezi katika umri huo ni pauni 42,500. Ili zidaiwe, lazima ziwepo karatasi za usajili za msimu ule.

Kile ambacho hesabu hii haikioni ni mwili wa mchezaji. Wesley, aliyegharimu milioni 22, alikuwa amefunga mabao matano katika mechi 21 za ligi alipoumia, akakaa nje zaidi ya mwaka, na Villa haikurudisha fedha ile. Samatta alifunga katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City Machi 2020, lakini katika ligi alipata bao moja kwa mechi 14, na Septemba mwaka huo akaenda Fenerbahçe kwa mkopo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kufunga daftari, tafuta orodha ya majeraha ya mchezaji kwa misimu mitatu iliyopita na uhesabu siku alizokosa. Akiwa amekosa zaidi ya robo ya mechi kwa goti au msuli wa paja unaojirudia, shusha upande wa chini wa fungu kwa theluthi nzima, na upande wa juu uuache ulipo.